Daftari la mali za kudumu ndani ya ERPNext: kusajili, kupitisha uchakavu, kuuza na kuthamini upya bila kuvuruga leja

Kila mwisho wa mwaka wa hesabu napigiwa simu ileile. Mhasibu ameandaa mizania, mkaguzi ameomba orodha ya mali za kudumu, na jumla ya orodha haifanani na leja. Tofauti inaweza kuwa milioni moja, inaweza kuwa mia moja. Nikifungua mfumo nakuta karibu kila mara kosa ni la aina moja: mtu aliandika jarida la mkono kwenye akaunti ya mali, na kadi ya mali yenyewe haikuguswa.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja tu. Jambo lolote linalotokea kwa mali, kuanzia kununuliwa hadi kuuzwa, lianzie kwenye kadi ya mali, kisha kadi ndiyo iandike leja. Pale mfumo usipoweza, na pako mahali kadhaa, tutaandika jarida la mkono tukijua sababu.

Nimetumia ERPNext toleo la 15, sheria za kodi za Tanzania na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16. Majina ya vitufe na sehemu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Tutafuata mali mbili: lori lililonunuliwa na kuuzwa, na ghala lililothaminiwa upya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ankara ya ununuzi na hati za gharama zote zilizoifikisha mali mahali pa kazi.
- Tarehe ambayo mali ilikuwa tayari kutumika. Mara nyingi si tarehe ya ankara.
- Uamuzi ulioandikwa na uongozi kuhusu muda wa matumizi, thamani ya masalia na njia ya uchakavu kwa kila kundi la mali.
- Akaunti hizi kwenye chati ya akaunti: gharama ya mali na uchakavu limbikizi (kila kundi liwe na jozi yake), gharama ya uchakavu, faida au hasara ya kuondosha mali, akiba ya uthamini upya, na kodi iliyoahirishwa.
- Kama kuna mali za zamani, urari uliokaguliwa wa mwaka uliopita.
- Nakala ya majaribio ya mfumo. Usijifunzie kuuza lori kwenye vitabu halisi.

Kuhusu zile akaunti za jozi, nasisitiza. Ukiyachanganya magari na majengo kwenye akaunti moja ya uchakavu limbikizi, siku ya kulinganisha hutajua tofauti imetoka wapi.

## Hatua ya 1: Andaa kundi la mali na kampuni

Fungua `Asset Category` na utengeneze kundi, tuseme Magari ya mizigo. Weka akaunti tatu: `Fixed Asset Account`, `Accumulated Depreciation Account` na `Depreciation Expense Account`. Hapohapo weka njia ya uchakavu, idadi ya vipindi na urefu wa kila kipindi kwa miezi. Kwa lori letu ni vipindi 60 vya mwezi mmoja mmoja, yaani miaka 5.

Kisha fungua ukurasa wa `Company` na ujaze `Gain/Loss Account on Asset Disposal` pamoja na `Asset Depreciation Cost Center`. Watu wengi hupita hapa haraka kwa sababu mfumo haulalamiki siku ya ununuzi. Utalalamika miaka mitatu baadaye siku ya kuuza, na wakati huo aliyeuweka mfumo ameshaondoka.

Mwisho, kwenye `Accounts Settings` hakikisha `Book Asset Depreciation Entry Automatically` imewekewa alama ya tiki. Bila hiyo, jedwali la uchakavu litabaki mpango tu usioingia leja.

Kazi za usiku za mfumo nazo lazima ziwe zinaendeshwa. Kama seva ni yenu wenyewe, msimamizi anaweza kuziwasha kwa amri hii, akiweka jina la tovuti yenu:

```
bench --site jina-la-tovuti enable-scheduler
```

Dalili ya mafanikio: kundi linahifadhiwa bila onyo, na akaunti zote tatu ni za aina sahihi kwenye chati. Akaunti ya gharama ya lori iwe na aina ya `Fixed Asset`, na ya uchakavu limbikizi iwe na aina ya `Accumulated Depreciation`.

## Hatua ya 2: Sajili mali kupitia ununuzi wake

Tengeneza `Item` ya lori, weka tiki kwenye `Is Fixed Asset`, ondoa ya `Maintain Stock`, chagua kundi lake, kisha weka tiki kwenye `Auto Create Assets on Purchase`. Sasa ukipokea lori kwa `Purchase Receipt`, mfumo utatengeneza kadi ya mali ikiwa bado rasimu.

Iache rasimu kwanza. Lori letu bei yake kabla ya VAT ni shilingi 90,000,000. Fundi wa bodi anadai 5,400,000, na usajili pamoja na vibali vya kuliwezesha kuingia barabarani ni 600,000. Vyote ni sehemu ya gharama ya lori, kwa kuwa bila hivyo haliwezi kubeba mzigo. Gharama kamili ni 96,000,000. VAT haimo kwa sababu kampuni imesajiliwa na inairejesha. Ambaye hajasajiliwa, VAT kwake ni sehemu ya gharama.

Gharama za fundi na usajili ziongeze kwa `Landed Cost Voucher` dhidi ya ile hati ya kupokea. Fanya hivyo kadi ikiwa rasimu, maana ukishaiwasilisha mfumo utakataa mpaka uifute. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuandika ile 5,400,000 kwenye matengenezo ya magari, na lori linabaki na gharama pungufu maisha yake yote.

Bima ya mwaka usiiweke kwenye gharama ya lori. Inalinda mwaka mmoja, mwakani utailipa tena.

Sasa jaza `Available-for-use Date`. Lori lilipokelewa katikati ya Februari 2022, likakaa kwa fundi, likawa tayari tarehe 1 Machi 2022. Hiyo ndiyo tarehe yake. IAS 16 inataka uchakavu uanze mali inapokuwa tayari kutumika, hata kama safari ya kwanza ilikuwa wiki mbili baadaye. Na hausimami kwa sababu tu lori limeegeshwa kwa kukosa mzigo.

Mali za zamani. Kama mnahamia ERPNext mkiwa na mali tayari, weka tiki kwenye `Is Existing Asset`, jaza gharama ya awali, `Opening Accumulated Depreciation` na idadi ya vipindi vilivyokwishapitishwa. Kadi ya namna hii haiandiki gharama kwenye leja. Salio la leja linaletwa na jarida la kufungulia vitabu. Ukisahau jarida, daftari litakuwa na mali na leja tupu. Ukiipitisha mali ya zamani kama ununuzi mpya na jarida ukaliandika pia, leja itakuwa na malori mawili na uani kuna moja.

Dalili ya mafanikio: kabla ya kuwasilisha kadi, `Gross Purchase Amount` inasoma 96,000,000 na mahali ilipo mali pamejazwa. Usiiwasilishe kabla ya kujaza uchakavu wa Hatua ya 3. Ukishaiwasilisha, hali yake ni `Submitted`.

## Hatua ya 3: Chagua njia ya uchakavu kwa namna mali inavyotumika

Kadi ikiwa bado rasimu, weka tiki kwenye `Calculate Depreciation` na jedwali litafunguka. Uongozi umekadiria kwamba baada ya miaka 5 lori litauzika kwa 24,000,000, kwa hiyo hiyo ndiyo `Expected Value After Useful Life`. Kinachochakaa ni 72,000,000.

Tazama njia tatu zinavyolitendea lori hilohilo.

`Straight Line` inagawa sawasawa. Milioni 72 kwa miezi 60 ni 1,200,000 kila mwezi, au 14,400,000 kwa mwaka. Inafaa mali inayotumika kwa kiwango kilekile mwaka hadi mwaka: majengo, samani, rafu za ghala.

`Written Down Value` inachukua asilimia ya thamani iliyobaki. Mfumo unaitafuta asilimia itakayoishusha 96,000,000 mpaka 24,000,000 kwa miaka 5:

```
1 - (24,000,000 / 96,000,000)^(1/5) = 24.21%
```

Mwaka wa kwanza unabeba takribani 23,240,000, wa pili takribani 17,600,000, na kuendelea kushuka. Inaendana na mali inayotoa kazi nyingi ikiwa mpya kisha ikaanza kulala gereji. Angalia kwamba fomula inahitaji masalia yaliyo juu ya sifuri. Ukiweka sifuri na hukuandika asilimia mwenyewe, hesabu haina pa kushika.

`Double Declining Balance` inachukua mara mbili ya kasi ya mstari ulionyooka, yaani asilimia 40 kwa miaka 5. Mwaka wa kwanza unabeba 38,400,000 na kubakiza 57,600,000. Wa pili unabeba 23,040,000 na kubakiza 34,560,000. Mwaka wa tatu asilimia 40 ingekuwa 13,824,000, ambayo ingelishusha lori chini ya masalia yake. Mfumo unakata kwenye 10,560,000 na kusimama. Miaka ya nne na ya tano haina uchakavu kabisa, na lori bado linakwenda Tunduma kila wiki. Nimewaona wahasibu wakidhani mfumo umeharibika, kumbe masalia yao ni makubwa kwa njia waliyochagua.

Kwa lori letu tunakwenda na mstari ulionyooka, maana mkataba wa usafirishaji unalipa safari zilezile kila mwezi.

### Usichanganye na uchakavu wa kodi

Hili limewaponza wengi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 ina mafungu yake. Kompyuta na magari madogo zimo fungu la kwanza kwa asilimia 37.5, malori makubwa na mitambo ya kiwandani fungu la pili kwa asilimia 25, samani za ofisi fungu la tatu kwa asilimia 12.5. Mafungu hayo matatu yanahesabiwa kwa salio linalopungua, mali zote za fungu zikiwa kwenye kapu moja.

Hiyo ni hesabu ya ritani. Vitabu vinafuata muda halisi wa matumizi. Kuweka asilimia 37.5 kwenye kompyuta kwa sababu tu kodi inasema hivyo ni kukwepa makadirio ambayo IAS 16 inataka uyafanye, na uyapitie upya angalau kila mwisho wa mwaka.

ERPNext ina `Finance Book` inayokuwezesha kuweka jedwali la pili kwa mali ileile. Inasaidia, ila inakwenda mali kwa mali, wakati kodi inakwenda kapu kwa kapu. Mimi hesabu ya makapu naiweka kwenye lahajedwali na kuilinganisha na daftari mara moja kwa mwaka.

Dalili ya mafanikio: jedwali lina mistari 60, wa kwanza ni tarehe 31 Machi 2022 kwa 1,200,000, na wa mwisho unaiacha thamani kwenye 24,000,000 kamili. Ukiona mistari 61, tarehe ya kuanza kutumika imeangukia katikati ya mwezi na mfumo umegawa mwezi wa kwanza kwa siku. Si kosa, ila hakikisha ndivyo ulivyotaka.

## Hatua ya 4: Hakikisha uchakavu unaingia leja kila mwezi

Siku ya mwezi ikifika, kazi ya usiku inaandika jarida: debiti gharama ya uchakavu, krediti uchakavu limbikizi. Kwenye jedwali, mstari husika unapata namba ya jarida lake.

Fungua kadi chache kila mwezi uone namba hizo zipo. Zikikosekana, sababu ni mojawapo ya hizi: kazi za usiku zimezimwa, kituo cha gharama hakikuwekwa, au mmefunga vitabu kwa `Accounts Frozen Till Date` kabla uchakavu haujapita. Hii ya tatu ndiyo niliyokutana nayo zaidi. Mhasibu mkuu anafunga mwezi mapema ili mtu asiguse, na bila kujua anaufungia nje uchakavu wenyewe.

Ukishaondoa sababu, mstari uliokwama una kitufe cha `Make Depreciation Entry`. Kitumie hicho. Ukiandika jarida la mkono lisilounganishwa na kadi, leja itapata namba sahihi lakini kadi itaendelea kuamini mwezi haujapita, na kazi ya usiku siku nyingine itaupitisha mara ya pili.

## Hatua ya 5: Kuuza mali

Tarehe 15 Septemba 2025 lori linauzwa kwa 52,000,000 kabla ya VAT. Kwa kuwa muuzaji amesajiliwa, anatoza VAT ya asilimia 18, yaani 9,360,000, na mnunuzi analipa 61,360,000. Risiti ya EFD itolewe kama kwa mauzo mengine.

Fungua kadi ya lori na ubonyeze `Sell Asset`. Mfumo unatengeneza `Sales Invoice` yenye namba ya mali ndani yake. Jaza mnunuzi, bei na VAT, hakikisha tarehe ni ya siku lori lilipokabidhiwa, kisha wasilisha.

Kabla ya kuliondoa lori, mfumo unapitisha uchakavu wa siku 15 za Septemba, ambazo ni nusu ya mwezi. Kuanzia Machi 2022 hadi Agosti 2025 ni miezi 42, yaani 50,400,000. Ongeza 600,000 za Septemba, uchakavu limbikizi ni 51,000,000. Thamani ya kitabuni siku ya kuuza ni 45,000,000, na faida ni 7,000,000.

Leja ya ankara inatakiwa kusomeka hivi:

```
Debiti   Mnunuzi                        61,360,000
Debiti   Uchakavu limbikizi - magari    51,000,000
Krediti  Gharama ya magari              96,000,000
Krediti  VAT ya mauzo                    9,360,000
Krediti  Faida ya kuondosha mali         7,000,000
```

Tazama kwamba 52,000,000 haionekani popote kama mauzo. IAS 16 inakataza faida ya kuondosha mali kuhesabiwa kama mapato ya kawaida ya biashara. Nilipata kuitwa kwenye kampuni iliyouza magari matatu kwa ankara ya kawaida, bila kuanzia kwenye kadi. Mauzo ya mwaka yalivimba, magari yakabaki kwenye mizania, na uchakavu wa magari ambayo hayakuwepo ukaendelea kupita kwa miezi kumi na moja. Kuvirekebisha vitabu kulichukua muda mrefu kuliko kuyauza yale magari.

Kwenye kodi hesabu ni nyingine. Ile 7,000,000 unaiondoa kwenye faida unapoandaa ritani, na badala yake 52,000,000 inapunguza kapu la fungu la pili. Mapato ya kuuza yakizidi kilichobaki ndani ya kapu, ziada ndiyo inayokuwa mapato ya kutozwa kodi.

Mali iliyoharibika au kuibwa. Tumia `Scrap Asset`. Uchakavu unapita hadi siku hiyo na thamani iliyobaki yote inakuwa hasara. Fidia ya bima usiipunguze humo. Iandike peke yake kama mapato pale haki ya kuipata inapothibitika. Ukibonyeza kwa bahati mbaya, `Restore Asset` inairudisha mali. Kwa iliyouzwa, ifute ankara.

Dalili ya mafanikio: hali ya kadi ni `Sold`, jedwali halina mistari ya baada ya Septemba, na mwezi unaofuata hakuna uchakavu wa lori unaoingia leja.

## Hatua ya 6: Kuthamini upya

Sasa ghala. Jengo peke yake, bila kiwanja, liligharimu 200,000,000 na lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Muda wake ni miaka 40 bila masalia, kwa hiyo uchakavu ni 5,000,000 kwa mwaka. Ilipofika tarehe 31 Desemba 2024, uchakavu limbikizi ulikuwa 25,000,000 na thamani ya kitabuni 175,000,000. Mthamini aliyesajiliwa ametoa ripoti: 231,000,000. Ongezeko ni 56,000,000.

Kabla ya kugusa mfumo, yako masharti mawili ambayo uongozi lazima uyajue. Ukithamini upya ghala moja, majengo yote ya kundi lake lazima yathaminiwe. Huruhusiwi kuchagua lile lililopanda bei. Na ukianza, lazima uendelee. Kwa mali zisizobadilika bei haraka, kila miaka 3 hadi 5 inatosha. Anayethamini mara moja ili mizania ipendeze mbele ya benki, kisha akaacha, ameacha kufuata kiwango.

Hakikisha uchakavu wa Desemba umepita. Kisha kwenye kadi bonyeza `Adjust Asset Value`. Fomu ya `Asset Value Adjustment` itakuonyesha thamani ya sasa, 175,000,000. Andika mpya, 231,000,000, na tarehe 31 Desemba 2024. Kwenye `Difference Account` chagua akiba ya uthamini upya, iliyo upande wa mtaji. Ukichagua akaunti ya mapato, utakuwa umetangaza faida ya milioni 56 ambayo hakuna aliyeipata.

Ukishawasilisha, fungua jarida lililozaliwa: debiti majengo 56,000,000, krediti akiba 56,000,000. Lisome kwa macho yako. Matoleo ya zamani yasiyo na sehemu hiyo yalipitisha tofauti kwenye akaunti za uchakavu, na kama bado mko huko, jaribuni kwanza kwenye nakala.

Yanabaki mambo mawili ambayo mfumo hauyafanyi.

La kwanza ni uchakavu wa zamani. Majengo sasa yanasoma 256,000,000 na uchakavu limbikizi 25,000,000. Neti ni sahihi, 231,000,000. Njia inayotumika sana kwa majengo ni kuufuta uchakavu wa zamani dhidi ya gharama: debiti uchakavu limbikizi 25,000,000, krediti majengo 25,000,000. Hili ni jarida la mkono halali. Ila liwe la kawaida, lisiwe la aina ya `Depreciation Entry` na lisiunganishwe na kadi, maana kadi itadhani thamani imebadilika tena.

La pili ni kodi iliyoahirishwa. Mamlaka ya mapato haiutambui uthamini huu, kwa hiyo uchakavu wa kodi haupandi. Kwa kiwango cha kodi ya kampuni cha asilimia 30, debiti akiba 16,800,000 na krediti kodi iliyoahirishwa kiasi hichohicho. Akiba inayobaki ni 39,200,000.

Jedwali la ghala limeandikwa upya: 231,000,000 kwa miaka 35 iliyobaki ni 6,600,000 kwa mwaka, au 550,000 kwa mwezi. Mwambie mkurugenzi mapema. Anafurahia mizania iliyonenepa, halafu anashtuka faida ya kila mwaka ikipungua kwa 1,600,000 ambayo hakuitarajia. Kampuni inaweza kuhamisha tofauti hiyo, ikiisha kuondolewa kodi, kutoka akiba kwenda faida limbikizi kila mwaka.

### Thamani ikishuka baadaye

Kushuka kunakula kwanza akiba ya mali hiyohiyo, na kinachozidi kinakwenda kwenye hasara ya mwaka. Tukiiacha kodi pembeni: kama ghala lina akiba ya milioni 48 na uthamini mpya umeshuka kwa milioni 60, milioni 48 zinapunguza akiba na 12 ni hasara. `Difference Account` ni moja kwa kila fomu, kwa hiyo wasilisha fomu mbili: ya kwanza inashusha kwa 48 kwenye akiba, ya pili kwa 12 kwenye gharama. Akiba ya ghala lingine usiiguse, hata kama ziko akaunti moja. Ndiyo maana nashauri uwe na orodha ya akiba kwa kila jengo.

### Mali iliyothaminiwa ikiuzwa

`Sell Asset` italinganisha bei na thamani mpya ya kitabuni na kuandika faida au hasara. Akiba itabaki imening'inia kwenye mtaji kwa jengo ambalo si lenu tena. Ihamishe kwa jarida la mkono: debiti akiba, krediti faida limbikizi. Isipite kwenye taarifa ya mapato na matumizi.

## Hatua ya 7: Linganisha daftari na leja kabla ya kufunga mwezi

Endesha ripoti ya `Fixed Asset Register` kwa kundi moja, kisha toa kwenye urari salio la akaunti ya gharama na ya uchakavu limbikizi ya kundi hilo. Linganisha neti kwa neti. Kwa majengo yaliyothaminiwa usilinganishe gharama kwa gharama, kwa sababu kadi inaendelea kubeba 200,000,000 ya awali.

Zikitofautiana, tazama ukubwa wa tofauti kabla hujaanza kutafuta jarida kwa jarida.

Ikilingana na uchakavu wa mwezi mmoja wa kundi zima, rudi Hatua ya 4: mwezi umekwama au umepita mara mbili. Ikilingana na thamani ya kitabuni ya mali moja, kuna kilichouzwa au kufutwa kwa jarida la mkono. Ikilingana na uchakavu wa kufungulia vitabu, kagua mali za zamani zilizosajiliwa kwenye Hatua ya 2. Na ikiwa ni namba ndogo isiyofanana na chochote, fungua leja ya akaunti ya gharama, chuja majarida yasiyo na namba ya mali, na uyasome moja baada ya jingine. Mara nyingi utakuta ni tairi, betri au kipuri ambacho mtu alikiingiza kwenye gharama ya magari badala ya matengenezo. Kihamishe kwenda matengenezo kwa jarida lenye maelezo, na neti ya kundi itarudi kulingana na daftari.